Kulipa kodi hakutoshi: lini mtawala hulazimika kumsikiliza mlipakodi

"Shikamoo mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Kila mwaka nakadiriwa kodi ya mapato, halmashauri inachukua ushuru wa huduma, na VAT naikuta kwenye kila mzigo ninaonunua. Mwanangu aliye chuoni ananiambia kuna nadharia kwamba mtawala anayekusanya kodi hulazimika kuwajibika kwa anaowatoza. Nimelipa miaka yote hii na sijaona wa kuwajibika kwangu. Nadharia hiyo ni ya kweli, au ni ya nchi za wenzetu tu?"

Marahaba, ndugu yangu. Mwanao hakukosea, ila nadharia hiyo hufundishwa ikiwa imekatwa katikati. Nusu inayosikika ni kwamba kodi huzaa uwajibikaji. Nusu inayoachwa ni kwamba huzaa pale tu ambapo mtawala hawezi kuipata kodi hiyo bila ridhaa yako, na wewe pamoja na wenzako mna namna ya kumnyima. Mtawala mwenye njia nyingine ya kupata fedha hana haja ya kuelewana na mtu. Na kama kodi anaweza kuichukua kwa namna ambayo huwezi kuikwepa, wala kuiona, wala kuizungumza na wenzako, utailipa miaka hamsini bila mtu kukuuliza maoni yako.

Chimbuko la fikra yenyewe linaonyesha masharti haya vizuri. Mwaka 1297 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alikuwa vitani na Ufaransa huku Uskoti ikimwasi. Vita vilikuwa vimemaliza fedha. Tangu 1294 alikuwa ameongeza ushuru wa sufu inayouzwa nje hadi shilingi 40 kwa gunia, na wenye kondoo walijua kwamba mzigo huo unawarudia wao kwa njia ya bei. Kiangazi cha 1297 akaamuru kodi nyingine, sehemu moja ya nane ya mali zinazohamishika, bila kuwaita watu wa nchi nzima na kuwauliza. Wanahistoria wa wakati ule waliandika kwa hasira kwamba walioikubali ni watu waliokuwa wamesimama tu chumbani kwake. Tarehe 22 Agosti wakuu wawili wenye majeshi, watawala wa Norfolk na Hereford, wakaingia Hazina na kuwakataza maofisa kuikusanya. Mfalme akavuka bahari kwenda Flanders akiliacha jambo hilo likiwaka.

Tarehe 11 Septemba jeshi lake likapigwa vibaya na Waskoti kwenye daraja la Stirling. Waliobaki kushika serikali walihitaji fedha na askari mara moja, na njia ya kuzipata ilikuwa moja tu. Mwezi Oktoba wakatoa hati kwa jina la mfalme: ushuru ule wa sufu umefutwa, na kuanzia hapo kodi za namna ile hazitatozwa bila ridhaa ya pamoja ya nchi. Mfalme mwenyewe akaithibitisha mwezi Novemba akiwa Ghent. Sehemu ambayo mara nyingi husahauliwa ni hii: mara baada ya hati hiyo watu waliridhia kodi mpya, sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo hawakugoma ili wasilipe. Waligoma ili waulizwe kwanza, na walipoulizwa wakalipa kiasi kinachokaribia kilekile. Hayo ndiyo mapatano ya kodi katika umbo lake la awali, na yalipatikana kwa sababu mfalme alikuwa amebanwa, ukusanyaji ungeweza kuzuiwa, na walioweza kuuzuia walikuwa wachache na wamejipanga.

Sasa utasema hayo ni ya wafalme na sufu. Basi nikupeleke Ghana, maana huko mambo haya yametokea karibu na wakati wetu, kwa kodi ileile unayoikuta kwenye mizigo yako, na yamekwenda mbali kuliko popote ninapopajua katika bara hili.

Kwa miongo mingi serikali za Ghana ziliishi kwa kakao. Bodi ya serikali ilinunua kakao kwa mkulima kwa bei ya chini, ikaiuza nje kwa bei ya dunia, na tofauti ikaingia serikalini. Ilikuwa kodi nzito sana, lakini mkulima hakupewa karatasi yoyote iliyoandikwa kodi. Alichoona ni bei mbaya tu. Na alipochoka hakwenda bungeni kudai hesabu. Aliyekuwa karibu na mpaka alivusha magunia usiku kwenda Ivory Coast, aliyekuwa mbali akaacha miti izeeke. Ukusanyaji ulianguka, ndiyo, lakini uliangushwa na mtu mmoja mmoja kimyakimya, kila mmoja kwa siri yake. Hapakuwa na wa kukaa naye mezani. Ukikwepa peke yako unaiumiza serikali kidogo na unajiokoa kidogo, na hakuna sheria inayobadilika kwa sababu hiyo. Nakuomba uzingatie jambo hili, kwa kuwa wafanyabiashara wetu wengi wamekaa hapohapo: anayeuza bila risiti hajaingia kwenye mapatano, amejitoa.

Kuanzia miaka ya 1980 serikali ya Jerry Rawlings iliegemea mikopo na misaada ya nje, na washauri wa nje wakapendekeza VAT. Ikaanza tarehe 1 Machi 1995 kwa asilimia 17.5, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo ya asilimia 15. Kwa hesabu ya ofisini, nyongeza ni pointi mbili na nusu. Sokoni haikuwa hivyo. Kodi mpya iliwagusa wafanyabiashara wengi wadogo ambao hawakuwahi kuandika vitabu vya hesabu, maana kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili kilikuwa sedi milioni 25 tu. Wengi hawakuelewa kwamba kodi uliyolipa kwenye manunuzi unaikata kwenye ile unayodaiwa kwenye mauzo, hivyo wakarundika asilimia 17.5 juu ya bei ambayo tayari ilikuwa na kodi ndani yake. Bei zikapanda kwa haraka, na zamu hii kila mtu alijua sababu yake inaitwaje. Kodi iliyokuwa imejificha ndani ya bei ya kakao ilikuwa imepata jina na tarehe ya kuzaliwa.

Kulikuwa na pengo lingine. Vyama vya upinzani vilisusia uchaguzi wa bunge wa 1992, na chama tawala kikachukua viti 189 kati ya 200. Sheria ya VAT ilipita katika bunge ambalo karibu lote lilikuwa upande mmoja. Mwenye duka Accra au Kumasi hakuwa na mbunge wa kumwambia kitu. Ndipo tarehe 11 Mei 1995 maelfu ya watu wakajaa barabara za Accra katika maandamano yaliyoitwa Kume Preko, yaani "niue tu". Kundi lililowapinga likawashambulia waandamanaji, na watu wakauawa. Mwezi uliofuata serikali ikaifuta VAT na kurudisha kodi ya mauzo. Waziri wa fedha, Kwesi Botchwey, aliyekuwa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka kumi, akaondoka serikalini mwaka huohuo.

Wengi huishia hapa wanapoisimulia hadithi hii, kana kwamba ushindi ulikuwa kufutwa kwa kodi. Mimi naona hapa ndipo ilipoanza. Kufuta kodi ni kuzuia, na bado hujapata kitu. Serikali ya Ghana iliendelea kuihitaji fedha, na sasa ilijua kwamba haiwezi kuipata kwa amri.

Uchaguzi wa 1996 ulikuta upinzani umerudi, na ukapata zaidi ya theluthi moja ya viti. Safari hii serikali ilitumia muda mrefu kueleza kodi kabla ya kuileta, ikazungumza na vyama vya wafanyabiashara na vya wafanyakazi. VAT iliporudi mwaka 1998 ilikuwa asilimia 10, na kiwango cha kujisajili kilikuwa kimepandishwa hadi sedi milioni 200, kwa hiyo muuzaji mdogo aliachwa nje. Hapo mapatano yalihusu mambo mawili: kiasi cha kodi, na nani abebe kazi ya kuikusanya.

Hatua kubwa ikaja mwaka 2000. Serikali ilitaka kupandisha VAT hadi asilimia 12.5. Mwaka mmoja nyuma wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wameandamana dhidi ya kubebeshwa gharama za masomo. Serikali ikayaunganisha mambo hayo mawili: pointi mbili na nusu zinazoongezwa zingekwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa elimu uliotungiwa sheria yake, wenye bodi yake, na mgawo wake ukipita bungeni. Kodi ileile iliyomwaga damu miaka mitano nyuma ikapanda kwa robo ya kiwango chake bila ghasia kama zile. Mwaka 2003 chama kingine kikiwa madarakani kikapitia njia hiyohiyo: tozo ya asilimia 2.5 kwa ajili ya bima ya afya ya taifa. Vyama vya wafanyakazi vilipinga, lakini sikiliza walichopinga: serikali kuchota asilimia 2.5 nyingine kutoka kwenye michango yao ya pensheni. Ubishi ulikuwa umehama kutoka kwenye swali la kulipa au kutolipa, ukafika kwenye fedha za nani zitumike kulipia nini na nani azilinde. Huo ni ubishi wa watu wanaojiona wenye mali.

Ukijumlisha, Waghana walifika kulipa VAT na tozo ya afya ya asilimia 15, karibu kama ile ya 1995. Tofauti ni kwamba sasa asilimia tano kati ya hizo zilikuwa na anwani.

Nisikufiche udhaifu wake. Fedha yenye anwani bado hupitia Hazina kabla ya kufika kwenye mfuko, na Hazina ikibanwa huichelewesha. Hospitali za Ghana zimelalamika mara kwa mara kwamba madai yao ya bima hayalipwi kwa wakati. Mwaka 2017 bunge likapitisha sheria ya kuweka kikomo: mifuko yote ya namna hii kwa pamoja isichukue zaidi ya asilimia 25 ya mapato ya kodi. Serikali ilikuwa na hoja yake, kwamba fedha nyingi zilikuwa zimefungwa na hakuna nafasi ya kupanga. Hata hivyo sehemu ya kile kilichoahidiwa mwaka 2000 ilirudi kwenye mfuko mkuu, na mlipakodi akaendelea kulipa kiwango kilekile. Mapatano ya kodi hayana mahakama ya kuyalinda kama mkataba wa kibiashara. Yanadumu kwa muda ule tu ambao upande wa pili bado una uwezo wa kusumbua.

Serikali ya Ghana ilipojaribu kuitoza kodi miamala ya simu, mambo yalikwenda vibaya. Pendekezo la Novemba 2021 lilikuwa asilimia 1.75. Bunge lilikuwa limegawanyika sawasawa, wabunge wakapigana ukumbini, na tozo ikapita Machi 2022 kwa asilimia 1.5 upinzani ukiwa umetoka nje. Serikali iliahidi barabara na ajira, ila safari hii hapakuwa na mfuko wala bodi, na wengi hawakuiamini. Watu wakarudi kwenye fedha taslimu, mapato yakawa chini kabisa ya matarajio, kiwango kikashushwa hadi asilimia 1, na mwaka 2025 tozo ikafutwa.

Kuna ushahidi mwingine kutoka kwa majirani zetu Wakongo, nao ulinishangaza nilipokutana nao. Mwaka 2016 mjini Kananga, serikali ya mkoa ilituma wakusanyaji kodi ya majengo nyumba kwa nyumba katika mitaa iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na mitaa mingine ikaachwa kama ilivyokuwa. Baadaye wakazi wa mitaa ya pande zote mbili walialikwa kuhudhuria mikutano ya hadhara ya serikali ya mkoa au kujaza fomu ya kuitathmini. Katika mitaa iliyotembelewa, waliojitokeza walizidi kwa pointi tano hivi. Nyumba zilizolipa kweli zilikuwa kama moja katika kumi tu, kwa hiyo mwamko uliwafikia wengi ambao hawakutoa hata faranga. Kilichowaamsha kilikuwa kuona serikali imekuja mlangoni ikiomba. Ndiyo maana kodi ya mlangoni ina nguvu ambayo VAT iliyojificha ndani ya bei ya bati na saruji haina.

Sasa turudi kwako. Hapa Tanzania nguvu hiyo imewahi kuonekana, na walioionyesha ni watu wa kazi yako. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka siku kadhaa. Malalamiko yao makubwa yalikuwa kikosi kazi cha ukusanyaji kodi na usajili wa stoo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda mwenyewe kuzungumza nao hadharani, na baadhi ya yale waliyoyapinga yakasitishwa. Mwezi Juni 2024 wakafunga tena. Angalia masharti yale ya 1297: fedha inayotoka Kariakoo ni kubwa, ukusanyaji ulisimama siku hiyohiyo, na watu walikuwa mtaa mmoja wenye jumuiya yao. Lakini angalia pia walichodai. Walidai namna ya kukusanywa kodi. Matumizi yake hayakuwa kiini cha mazungumzo. Wakenya waliokwenda barabarani Juni 2024 walimlazimisha Rais Ruto kuukataa Mswada wa Fedha siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, kwa gharama ya roho za watu, kisha Desemba mwaka huohuo baadhi ya vipengele vikarudi kwa sheria nyingine. Walishinda kuzuia, kama Accra ya Mei 1995. Kupata kitu badala yake ni kazi nyingine, na Waghana iliwachukua miaka mitano.

Tozo yetu ya miamala ya mwaka 2021 ilikaribia zaidi. Ilianza Julai, kelele zikawa kubwa, na ndani ya miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30. Zaidi ya hapo, serikali ilianza kutaja vituo vya afya na madarasa yanayojengwa kwa fedha hiyo, jambo ambalo husikii likifanywa kwa VAT. Ilianza kujieleza kwa sababu kila mtu aliona makato kwenye ujumbe wa simu yake. Kilichokosekana ni chombo cha kudumu ambamo mlipaji ana kiti.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kodi fulani imezaa mapatano au la, usiangalie ukubwa wake wala uvumilivu wako. Uliza kama kuna kitu kilichoandikwa kwenye sheria kwa sababu walipaji walikataa kitu kingine. Uliza fedha hiyo inaingia kwenye akaunti gani, na ni nani nje ya serikali anayeruhusiwa kuiona. Kisha uliza swali gumu zaidi: mwakani wakivunja ahadi, mtu anaweza kufanya nini? Kama jibu ni hakuna, basi kilichopo ni hisani tu, na inaweza kuondolewa.

Katika kodi zote ulizozitaja, ningeanza na zile za halmashauri. VAT ni kubwa mno kwa duka moja, na makadirio ya mapato unayabishania peke yako, jambo ambalo ndilo tatizo lake. Ushuru na ada za halmashauri huwekwa kwa sheria ndogo, na rasimu ya sheria ndogo hutakiwa kutangazwa ili wakazi waweke mapingamizi kabla haijaidhinishwa. Kipindi hicho hupita bila mtu kuandika neno, kwa kuwa tangazo hubandikwa kwenye ubao na sisi hupita. Mkutano wa baraza la madiwani uko wazi kwa wananchi. Ukienda peke yako kudai punguzo watakusikiliza kwa adabu na kukusahau. Mkienda wenye maduka wa mtaa mzima, na barua inayosema kwamba ushuru mtaulipa wote kwa kiwango hiki ikiwa sehemu fulani inayotajwa kwa asilimia itakwenda kwenye mitaro na taa za eneo la biashara, na taarifa ya robo mwaka ikabandikwa sokoni, mtakuwa mmeleta kitu ambacho mweka hazina wa halmashauri anakitaka kuliko chochote: mapato yasiyohitaji mgambo kuyakusanya. Hapo ndipo mnakuwa na cha kubadilishana. Ningeanza na rasimu ya sheria ndogo itakayofuata, na ningeomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya halmashauri ya mwaka uliopita kabla ya kuandika barua hiyo, ili asilimia mtakayoitaja iwe ile wanayoweza kuitimiza.